Kuadhibiwa Bila Kuulizwa

Tarehe 31 Desemba 2020 mahakama ya Bologna, Italia, ilitoa hukumu dhidi ya kampuni ya Deliveroo, ambayo wakati huo ilikuwa na maelfu ya vijana wa baiskeli na pikipiki wanaopeleka chakula majumbani. Walioshtaki walikuwa vyama vya wafanyakazi vilivyo chini ya shirikisho la CGIL. Walidai kwamba mfumo wa kompyuta uliowapanga wapelekaji hao kwa alama ulikuwa ukiwabagua wanaogoma. Mahakama ilikubali, ikaamuru kampuni ilipe fidia ya euro 50,000.

Kesi hiyo ni ya Italia, lakini swali lililomo ndani yake liko kila mahali ambapo pikipiki yenye boksi mgongoni husimama nje ya mkahawa ikingoja oda: je, kumwadhibu mtu kwa alama alizopewa na kompyuta au na wateja asiowajua ni haki, na kunamwachia heshima yake? Mara nyingi tunalijadili kwa malalamiko ya jumla, kwa sababu kampuni hazionyeshi mitambo yao inavyofanya kazi. Bologna mtambo wenyewe ulifikishwa mahakamani, na mengi yaliyomo ndani yake yakawekwa wazi.

Ulifanya kazi hivi. Kila Jumatatu programu ilifungua ratiba ya zamu za wiki inayofuata, lakini haikuwafungulia wote kwa pamoja. Wenye alama za juu waliruhusiwa kuchagua zamu kuanzia saa tano asubuhi, wanaofuata kuanzia saa tisa alasiri, na waliobaki kuanzia saa kumi na moja jioni. Alama zilitokana na mambo mawili. La kwanza lilikuwa uaminifu wa mtu kwa zamu alizojiandikisha. Anayeghairi akiwa amebakiwa na muda usiofika saa 24, au anayechelewa kuwasha programu ndani ya eneo lake la kazi katika dakika 15 za mwanzo wa zamu, alishuka. La pili lilikuwa mahudhurio yake katika saa ambazo wateja ni wengi, yaani saa mbili hadi saa nne usiku, Ijumaa mpaka Jumapili.

Tazama adhabu yenyewe ilivyokuwa. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyepewa barua ya onyo, hakuna aliyekatwa ujira. Aliyeshuka alama alifungua ratiba saa kumi na moja jioni akakuta zamu zenye kipato zimeshachukuliwa na wenzake. Wiki iliyofuata alifanya kazi kidogo zaidi, na kwa kuwa zamu za usiku wa mwisho wa wiki ndizo zilizopandisha alama, na hizo ndizo alizozikosa, kupanda tena kukawa kugumu. Mtu aliweza kusukumwa nje ya kazi taratibu pasipo yeyote kumwambia ametolewa.

Sasa, kwa nini mtu anaghairi zamu? Anaweza kuwa amelala au amepata kibarua kingine. Anaweza pia kuwa na homa, kuwa na mtoto hospitalini, au kuwa ameungana na wenzake katika mgomo halali. Mfumo uliwaweka wote hawa katika hesabu moja. Kampuni ilijitetea kwamba hapo hapakuwa na ubaguzi wowote, kwani kompyuta haikujua nani amegoma na nani ameugua, na wote walitendewa sawa.

Jibu la mahakama kwa utetezi huo ndilo linalonifanya niirudie hukumu hii mara kwa mara. Ilibainika kwamba kulikuwa na hali mbili ambazo kampuni ilikuwa ikirekebisha alama ili mtu asiumie: akipata ajali kazini, na programu yenyewe ikiharibika. Kwa hiyo mfumo uliweza kuuliza sababu. Ulipotaka kuona, uliona. Kutoona ugonjwa na mgomo hakukuwa udhaifu wa kompyuta bali ni uamuzi wa watu walioiandikia kanuni. Na kwa kuwa matokeo ya uamuzi huo yaliwaangukia zaidi wanaotumia haki yao ya kugoma, mahakama iliuita ubaguzi usio wa moja kwa moja. Ilizingatia pia kwamba kampuni haikuieleza mahakama jinsi hesabu ya alama ilivyofanyika kwa undani, ingawa yenyewe ndiyo iliyoijua.

Hapo ndipo hoja ya kwamba mashine haina upendeleo inapokwama. Kuwatendea sawa watu walio katika hali tofauti kunaweza kuwa dhuluma kamili. Meneja anayemwadhibu mgonjwa na mtoro kwa kipimo kimoja hatumwiti mwadilifu kwa sababu tu hakuuliza. Tunamwita mzembe au katili. Kompyuta ikifanya hivyo hivyo kwa niaba yake, lawama haihami.

Deliveroo iliuacha mfumo huo kabla ya hukumu, na pengine msomaji atasema basi mambo yameisha. Hayajaisha, kwa sababu upofu ule ule uko katika alama za aina nyingine ambazo watu wengi wanazijua zaidi: nyota za wateja.

Chukua oda moja ya jioni jijini Nairobi. Dereva wa bodaboda anakubali oda ya mkahawa ulio Ngong Road, iende kwenye fleti Kileleshwa. Anafika mkahawani kwa dakika sita, lakini jikoni kuna foleni, na chakula kinatoka baada ya dakika 25. Mvua imeanza. Ramani inampeleka geti la nyuma ambalo halifunguliwi usiku, anazunguka hadi la mbele, na mlinzi anamzuia mpaka mwenye nyumba apige simu. Simu ya mteja haipokelewi. Inapokelewa mara ya tatu, dereva anaambiwa apande hadi ghorofa ya saba, na lifti haifanyi kazi. Chakula kimepoa. Mteja ana njaa na hasira, na hasira yake ina sababu. Programu inamwonyesha picha ya mtu mmoja tu, ya dereva, na nyota tano za kugusa. Anagusa moja.

Mkahawa ulichelewa, ramani ilikosea, mlinzi alizuia na lifti imekufa, lakini nyota imeandikwa kwa jina la mtu aliyebeba chakula hicho ngazi hadi ngazi. Baadhi ya kampuni humpa mteja nafasi ya kuukadiria mkahawa peke yake, na hilo husaidia kidogo. Hata hivyo mtu mwenye njaa hakai kugawa lawama kwa mafungu. Humpa aliye mbele yake.

Hesabu yake inafaa kufanywa kwa kalamu. Tuseme kampuni inachukua wastani wa alama 50 za mwisho, na mtu akishuka chini ya 4.7 anaanza kupata adhabu. Wateja 47 wakimpa nyota tano na watatu wakampa moja moja, jumla ni 238, na wastani ni 4.76. Yuko salama. Akija wa nne mwenye hasira, waliompa tano wanabaki 46, jumla inakuwa 234, na wastani 4.68. Amevuka mstari. Watu 46 kati ya 50 wamemsifu kwa alama zote zilizopo, naye bado anahesabiwa kuwa mfanyakazi mbaya. Kwa kipimo cha shule angekuwa na asilimia 92 ya waliomridhia.

Tena si kila mteja anayegusa nyota. Aliyepata chakula chake vizuri hula na kusahau, aliyekasirika ndiye anayetafuta kitufe. Ikiwa mteja mmoja kati ya watano ndiye anayetoa alama, zile alama 50 zimetokana na oda 250 hivi, na wanne walioudhika wamewazidi nguvu karibu wote wengine ambao hawakusema kitu. Inachukua muda mrefu pia kwa alama mbaya kutoka kwenye hesabu. Dereva wa oda kumi kwa siku atakaa nayo siku 25 za kazi, hata kama kila anachofanya katika siku hizo hakina dosari. Nambari za mfano wangu zitatofautiana na za kampuni hii au ile, lakini umbo la hesabu halibadiliki: kizingiti kikiwekwa karibu sana na alama ya juu kabisa, wastani hautofautishi tena mzuri na mbaya. Unapima bahati.

Zaidi ya bahati kuna jambo zito. Mteja anayetoa nyota moja hatakiwi kuthibitisha lolote. Anaweza kuwa hapendi lafudhi ya dereva, au jina lake linaloonyesha kabila, au kwamba ni mwanamke aliyekataa kuingia ndani. Mwajiri wa kawaida angemfukuza mtu kwa sababu hizo angevunja sheria, na angejua kwamba anaivunja. Nyota huchukua chuki hizo, zikazichanganya na malalamiko ya kweli, zikatoka upande wa pili zikiwa nambari safi yenye desimali mbili. Hakuna anayeweza kuona kilichomo.

Mamlaka ya ulinzi wa data ya Italia, Garante, iliigusa hatari hii mwaka 2021 ilipoitoza Foodinho faini ya euro milioni 2.6. Foodinho ni kampuni ya Italia ya kundi la Glovo, lile lile linalopeleka chakula Nairobi na Kampala. Mamlaka iliona kwamba kampuni haikuwa imehakikisha usahihi na uadilifu wa alama zilizoamua nani apate kazi, wala haikuwawekea wapelekaji njia ya kupinga uamuzi na kumfikia binadamu wa kuwasikiliza. Iliagiza pia kwamba zichukuliwe hatua za kuzuia maoni ya wateja na mikahawa yasitumike kwa namna ya kibaguzi.

Lazima niutendee haki upande wa pili, kwa kuwa una hoja ambayo kwetu ina uzito kuliko Ulaya. Waulize madereva wengi kwa nini waliingia kwenye programu na utasikia jibu la namna moja: huku hakuna wa kukuomba chai. Programu haiulizi wewe ni mtoto wa nani, unamjua nani, unatoka wapi. Katika nchi ambazo kupata kazi mara nyingi kunahitaji mtu wa ndani, hilo si jambo dogo. Mteja naye anahitaji kinga. Wapo wanaofungua mifuko ya chakula njiani, wapo wanaoghairi oda baada ya kuichukua, wapo wanaowatumia wateja wa kike ujumbe usiku wa manane baada ya kupata namba zao. Kampuni yenye maelfu ya madereva haina msimamizi wa kumfuata kila mmoja, na bila alama huenda uamuzi ungerudi mikononi mwa bosi mwenye upendeleo wake.

Hoja hiyo inathibitisha kwamba alama zina kazi. Haithibitishi kwamba alama zinatosha kuwa hukumu. Bosi anayependelea unaweza kumtazama usoni, kumshtaki kwa mkubwa wake, kumleta shahidi. Alama zikikuonea humwoni wa kumwambia. Dereva anayepewa oda chache kuliko jana hajui kama ni adhabu, au wateja wamepungua, au wamesajiliwa madereva wapya mtaani. Njia aliyo nayo ya kujua ni kukaa steji na wenzake, wakalinganisha simu: huyu amepata oda tano tangu saa kumi na mbili, mimi moja, na tuko hapa hapa. Hata hapo anabaki kubahatisha. Ukimfungia mtu riziki akashindwa hata kujua kama amefungiwa, umemvunjia heshima kabla hujafika kwenye swali la kama alistahili.

Kwa anayefungiwa akaunti moja kwa moja, swali ni nani aliyeamua. Oktoba 2022 kijana wa miaka 26 aliyekuwa akipeleka chakula kwa kampuni hiyo ya Glovo mjini Florence alikufa katika ajali ya barabarani akiwa kazini. Muda mfupi baadaye mfumo ulituma ujumbe kwamba akaunti yake imefungwa kwa kutofuata masharti. Hakuna mwanadamu ambaye angeandika barua hiyo akijua anamwandikia nani. Garante ilianzisha uchunguzi baada ya tukio hilo, na Novemba 2024 ikaitoza kampuni faini nyingine, mara hii euro milioni 5.

Kampuni nyingi zimejifunza kujibu kwamba uamuzi wa kufunga akaunti hupitiwa na mtu. Mahakama ya Rufaa ya Amsterdam ililipima jibu hilo Aprili 2023 katika kesi ya madereva wa Uber waliofungiwa kwa tuhuma za udanganyifu. Iliona kwamba mchango wa binadamu katika maamuzi hayo haukuonyeshwa kuwa zaidi ya ishara tu. Mtu aliyekaa mbele ya skrini akigusa "thibitisha" kwa kila jina linaloletwa na kompyuta, bila muda wa kusoma wala mamlaka ya kukataa, hajaamua chochote. Kipimo cha kweli ni rahisi kukitumia: je, mtu huyo alizungumza na aliyetuhumiwa, alikuwa na taarifa ambazo kompyuta haikuwa nazo, na je, amewahi kuipinga?

Nchini Kenya mfanyakazi aliyeajiriwa ana kinga ya wazi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, naye aweze kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Dereva wa programu haipati kinga hiyo, kwa kuwa mkataba aliokubali kwa kugusa skrini unamwita mfanyabiashara huru. Ni uhuru wa ajabu: hapangi bei, hamchagui mteja, mara nyingi hajui anakokwenda mpaka akubali oda, lakini siku ya kuadhibiwa anaambiwa hana mwajiri.

Ipo hata hivyo sheria nyingine isiyouliza kama wewe ni mwajiriwa. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa kila mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi unaomgusa kwa uzito ikiwa uamuzi huo umetokana na kompyuta peke yake. Panapofanyika uamuzi wa aina hiyo, mhusika anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, na anaweza kuomba ufikiriwe upya au ufanywe uamuzi mwingine usiotegemea kompyuta tu. Kufungiwa akaunti inayokulisha ni uamuzi mzito kwa tafsiri yoyote ya akili. Sheria hiyo ina mianya: inaruhusu uamuzi wa kompyuta ukihitajika kwa ajili ya mkataba au mtu akiwa ameridhia, na kampuni itasema dereva aliridhia siku aliyojisajili. Kampuni inaweza pia kumweka yule mtu wa kugusa "thibitisha". Lakini haki ya kuomba uamuzi ufikiriwe upya ipo.

Ulaya imekwenda mbele zaidi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2024/2831 kuhusu kazi za majukwaa ya mtandaoni, ambayo nchi wanachama zinatakiwa kuyaingiza katika sheria zao kufikia tarehe 2 Desemba 2026, yanasema uamuzi wa kusimamisha au kufunga akaunti ufanywe na binadamu, sababu zitolewe kwa maandishi kabla siku ya kuanza kutumika haijapita, na anayeomba uamuzi upitiwe upya ajibiwe ndani ya wiki mbili. Kampuni zile zile zenye ofisi Nairobi zitalazimika kufanya hivyo Barcelona na Milano. Mtambo ni mmoja, na wahandisi ni wale wale. Sioni sababu ya kiufundi ya kumpa dereva wa Milano barua yenye sababu na kumnyima wa Eastleigh.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kukusanya alama si dhuluma. Alama ni tetesi, na tetesi inaweza kuanzisha uchunguzi. Dhuluma ni kuigeuza tetesi kuwa adhabu kabla ya kumuuliza anayetuhumiwa, na kuficha adhabu yenyewe ndani ya foleni ya oda. Mfumo wa haki ungemwondolea dereva dakika alizosubiri jikoni, na saa za mkahawa na za simu tayari zinazo kumbukumbu hizo. Ungetupa alama zisizo na sababu. Ungemwambia mtu siku ile ile anapoanza kupunguziwa oda, na kwa nini. Na kabla ya kumfungia ungemtaka mtu mwenye jina na namba ya simu amsikilize. Hakuna kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya. Bologna ilishaonyesha kwamba kompyuta huona kile inachoagizwa kuona.

Wabunge wa Afrika Mashariki wanaweza kuyaandika haya katika sheria bila kungoja kwanza mabishano ya nani ni mwajiriwa yaishe, kwa kuwa haki ya kusikilizwa haitegemei aina ya mkataba. Na wewe dereva unayesoma haya ukiwa nchini Kenya: piga picha ya skrini ya alama zako kila wiki na ya saa uliyofika mkahawani kila unapocheleweshwa. Ukifungiwa, iandikie kampuni siku hiyo hiyo, taja kifungu cha 35, na uombe uamuzi upitiwe na binadamu. Usipojibiwa, peleka nakala ya barua hiyo kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Usiende peke yako. Nenda na wenzako wa steji waliofungiwa kama wewe.